Kabla ya kulipa: maswali ya kuuliza ukipiga simu ya mapokezi kuthibitisha kampuni

Wengi wenu mmetuuliza swali hili: nimepata invoisi ya pesa nyingi, iko na muhuri na nembo, iko na nambari ya Paybill, sasa nitajuaje kama ni ya kampuni yenyewe? Jibu letu la kwanza huwa ni kupigia kampuni simu. Lakini kupiga simu peke yake haitoshi. Ukipiga na kuuliza "Hii ni kampuni fulani?" utajibiwa "Ndiyo", useme asante, ulipe, na bado hujajua unalipa nani. Leo tuangalie maswali yenyewe, na kwa nini yaulizwe hivyo.

Tuchukue mfano. Una biashara ya kusaga unga kule Kitale na unataka mashine mpya. Umeongea na jamaa wa mauzo kutoka kampuni moja ya mashine iliyo Eneo la Viwanda, Nairobi. Bei ni Sh185,000. Amekutumia invoisi kwa WhatsApp, anataka asilimia 60 kwanza, yaani Sh111,000, halafu mashine ipakiwe kwa lori. Kwa invoisi kuna nambari ya Till. Jamaa ni mpole, anajua mashine zake, hata amekutumia video ya mashine ikisaga. Hakuna kitu kinakaa kibaya.

Hiyo Sh111,000 ukiituma, kuna mtu mmoja au kampuni moja ambayo kisheria itakuwa imepokea pesa yako. Huyo ndiye unataka kumjua. Mashine isipofika, au ifike ikiwa mbovu, huyo ndiye utakayemdai.

Nambari ya simu utoe wapi

Usipige nambari iliyo kwa invoisi. Kama invoisi ni ya mkora, nambari ni yake pia, na atakujibu vizuri kushinda kampuni yenyewe. Tafuta nambari ya ofisi kwenye kitu ambacho huyo jamaa hajakupatia: risiti ya zamani kutoka kampuni hiyo, kibati kilichobandikwa kwa mashine ya jirani aliyenunua kwao, bango la duka, au tovuti yao uliyoandika anwani yake mwenyewe badala ya kubofya linki uliyotumiwa. Ramani za mtandaoni zichukulie kwa uangalifu kidogo, maana mtu yeyote anaweza kupendekeza nambari ya simu ya biashara ibadilishwe pale. Ukipata nambari moja kwa ramani na nyingine kwa risiti, amini risiti.

Kwa nini simu ya mapokezi na si ya mauzo? Kwa sababu mtu wa mapokezi hana haja na hii oda. Halipwi asilimia ukinunua. Tena anaweza kukuunganisha na idara ya hesabu kutoka ndani, na hapo unajua kwamba hiyo idara iko kwenye jengo hilo kweli.

Swali la kwanza: jina lililo kwa cheti

Majina tunayoyasoma kwa milango na kwa magari mara nyingi si majina ya usajili. Sisi sote tunasema Kenya Power, na ndivyo imeandikwa kwa magari yao, lakini jina la kampuni kwenye usajili ni The Kenya Power and Lighting Company PLC. M-PESA nayo ni jina la huduma. Kampuni ni Safaricom PLC. Hakuna ubaya hapo. Ubaya unaanza pale mtu anapochukua jina la mlangoni, lile kila mtu analijua, na kulibandika kwa akaunti yake mwenyewe.

Kwa hivyo uliza hivi: "Tafadhali nisomee jina kamili la kampuni kama lilivyo kwa cheti cha usajili." Halafu nyamaza uandike. Mwombe ataje herufi kwa herufi penye utata, na usikilize mwisho wa jina. Kampuni binafsi yenye dhima ya kikomo jina lake huishia kwa Limited au Ltd. Kampuni ya umma huishia kwa PLC. Maneno kama Enterprises, Traders, Agencies au Ventures hayakuambii chochote kuhusu aina ya biashara. Kampuni inaweza kuyatumia, na mtu mmoja mwenye kibanda anaweza kuyatumia pia.

Angalia vile swali limekaa. Hatujasema, "Nyinyi ni fulani Limited, sivyo?" Ukimsomea mtu jibu, yeye atakubali tu, awe mwaminifu au mkora, kwa sababu kukubali ni rahisi. Wacha yeye ndiye aseme, wewe ulinganishe na karatasi iliyo mbele yako. Kama kuna sheria moja ya kushika kwa simu nzima, ni hiyo.

Swali la pili: nambari ya usajili na PIN ya KRA

Nambari ya usajili inakuambia unashughulika na mtu wa aina gani. Kampuni binafsi zilizosajiliwa miaka ya karibuni nambari zao huanza na PVT. Jina la biashara, lile ambalo mtu mmoja au washirika husajili bila kuanzisha kampuni, huanza na BN. Ubia wenye dhima ya kikomo huanza na LLP. Kampuni za zamani zina nambari za mtindo mwingine, kwa mfano zinazoanza na CPR na kufuatwa na mwaka, kwa hivyo usishtuke ukisomewa hiyo.

Tofauti ya PVT na BN ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kampuni ni mtu peke yake machoni pa sheria. Ikikukosea unadai kampuni, si mkurugenzi wake mfukoni mwake, isipokuwa kwa hali chache. Jina la biashara si mtu. Nyuma yake kuna mwenyewe, na deni la biashara ni deni lake. Hatusemi BN ni mbaya, mafundi na wenye maduka wengi waaminifu wako na BN. Tunasema kama umeambiwa unanunua kutoka kampuni, na nambari unayosomewa ni ya BN, basi kuna kitu hakijasemwa.

Sasa PIN ya KRA. Hii ndiyo unaweza kuikagua mwenyewe dakika hiyo hiyo, bila kulipa. PIN ina herufi moja, tarakimu tisa, halafu herufi nyingine mwishoni. Ya mtu binafsi huanza na A. Ya kampuni, na ya ubia au shirika lingine ambalo si mtu mmoja, huanza na P. Ingia kwa tovuti ya iTax, chagua PIN Checker, weka PIN, jibu kale kahesabu kadogo ka usalama, na utaonyeshwa jina la mwenye PIN. Huhitaji kuwa na nywila. Jina hilo lifanane na lile ulilosomewa kwa simu.

Jambo dogo hapa, maana tumeona watu wakichanganyikiwa: PIN ya KRA ya kampuni ni habari ya kibiashara, iko kwa invoisi na risiti zao, huna haja ya kuona haya kuiuliza. PIN yako ya kutuma pesa ni siri. Kama yule aliye kwenye simu anageuza maneno na kusema "na wewe nipatie PIN yako tuthibitishe", kata simu. Hakuna kampuni inayohitaji PIN yako ya siri wala kodi ya tarakimu uliyotumiwa kwa SMS ndiyo ikupokee malipo.

Swali la tatu: nikilipa, jina gani litatokea?

Hili ndilo swali ambalo watu husahau, na kwa maoni yetu ndilo linalookoa pesa nyingi zaidi. Unaweza kuthibitisha kampuni iko, ina cheti, ina PIN sawa, halafu bado ulipe akaunti ya mtu mwingine. Kampuni kuwa halali na nambari ya malipo kuwa yake ni mambo mawili.

Uliza idara ya hesabu, si mauzo: "Mnapokea malipo kwa njia gani, na nambari ni gani?" Wacha wakusomee. Halafu: "Nikiweka hiyo nambari, simu yangu itanionyesha jina gani kabla sijathibitisha?" Mtu wa hesabu anayeshughulika na malipo kila siku atajibu bila kufikiria sana, kwa sababu wateja humuuliza kila siku.

Kuna hali mbili za kuelewa. Ya kwanza, biashara nyingi hupokea pesa kupitia Paybill ya benki yao, na nambari ya akaunti ndiyo inayotofautisha mteja mmoja wa benki na mwingine. Hapo simu inaweza kukuonyesha jina la benki tu. Watu wakiona jina la benki kubwa wanatulia. Usitulie. Jina la benki linakuambia pesa inaingia benki hiyo, halikuambii inaingia akaunti ya nani. Kwa njia hii uliza pia: "Akaunti hiyo imefunguliwa kwa jina gani?" na umwombe akusomee nambari ya akaunti tarakimu kwa tarakimu.

Ya pili ni ile ya "kampuni dada". Unaambiwa invoisi ni ya kampuni moja lakini malipo yanaenda kwa nyingine, sababu eti wenyewe ni wamoja. Inawezekana ni kweli. Lakini kisheria hizo ni kampuni mbili, na ukilipa ya pili, ya kwanza inaweza kukuambia haijaona shilingi yako. Omba invoisi itolewe upya kwa jina la ile inayopokea pesa, au barua ya kampuni inayokuuzia ikisema malipo kwa akaunti hiyo ni malipo kwake.

Simu yenyewe inavyokwenda

Turudi Kitale. Umepata nambari ya ofisi kutoka kwa risiti ya jirani. Unapiga asubuhi, saa tatu na nusu.

"Habari ya asubuhi, dada. Nimepata invoisi yenu na ninataka kuthibitisha mambo mawili matatu kabla nilipe."

"Nzuri mama, karibu. Nikusaidie na nini?"

"Nisomee jina kamili la kampuni vile liko kwa cheti, tafadhali."

Anakusomea. Jina lina neno Limited mwishoni. Unaangalia invoisi yako: jina ni lile lile, lakini mwishoni pameandikwa Enterprises, na hakuna Limited popote.

"Asante. Na PIN ya KRA ya kampuni?"

"Hiyo sina hapa mama, wacha nikuunganishe na watu wa hesabu."

Hapa watu wengine huanza kushuku. Hakuna haja. Msichana wa mapokezi hakai na cheti mezani, na kutojua si dalili ya ukora. Kukuunganisha ndani ndiyo jibu zuri. Mtu wa hesabu anakusomea PIN, inaanza na P. Ile iliyo kwa invoisi yako inaanza na A.

"Na malipo mnapokea kwa Till gani?"

"Hatuna Till sisi. Tuko na Paybill tu, nambari ya akaunti ndiyo nambari ya invoisi. Kwani wewe umepewa Till?"

Umeona? Hukumwambia una shaka na Till. Uliuliza tu, na yeye mwenyewe akasema hawana. Mpatie nambari ya invoisi na akuambie kama iko kwa mfumo wao. Kwa mfano wetu haiko. Jamaa wa mauzo anaweza kuwa anafanya kazi pale kweli, na video ni ya mashine zao kweli, lakini ile Sh111,000 ilikuwa inaenda kwa biashara yake yeye. Kama mashine ingekosa kufika, ungeenda Eneo la Viwanda ukaambiwa, na kwa haki kabisa, kwamba kampuni haikukuuzia kitu.

Si lazima kila tofauti iwe ukora. Neno moja likikosewa kuandikwa, mwambie mtu wa hesabu akutumie invoisi iliyosahihishwa. Lakini zikipishana tatu kwa pamoja, jina, PIN na nambari ya malipo, usilipe, hata kama jamaa wa mauzo anasema lori linaondoka saa nane.

Swali la nne: barua itapelekwa wapi

Uliza ofisi iliyosajiliwa iko wapi, na sanduku la posta. Usikubali jina la mtaa pekee. Omba jengo, ghorofa na barabara. Ofisi iliyosajiliwa inaweza kuwa tofauti na duka au ghala, mara nyingi ni kwa ofisi ya wakili au katibu wa kampuni, na hilo ni kawaida.

Kwa nini ujisumbue na hilo wakati unanunua mashine tu? Kwa sababu ukifika kortini, hati za kesi dhidi ya kampuni hupewa mkurugenzi, katibu au afisa mkuu wake, na wasipopatikana zinaweza kuachwa kwenye ofisi iliyosajiliwa. Mahakama ya Madai Madogo hushughulikia madai ya hadi Sh1,000,000, unaweza kwenda bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Ni mahakama nzuri kwa mtu wa kawaida. Lakini fomu yake inaanza na jina na anwani ya unayemdai. Ukiandika jina la mlangoni badala ya jina la cheti, mtu wa upande ule atasimama na kusema, "Huyo si mimi." Utapoteza wiki ukirekebisha karatasi.

Wakikataa kujibu

Kuna kampuni zitakuambia, "Hatutoi habari za kampuni kwa simu, ni sheria ya data." Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za watu binafsi. Kukataa kukupatia nambari ya simu ya mkurugenzi au mahali anaishi ni haki yao. Jina la usajili, nambari ya usajili na ofisi iliyosajiliwa ni habari za kampuni, na ziko kwa rejista ya serikali ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta. Waeleze kwa upole kwamba unaomba yale yaliyo kwa invoisi yao tu, na kama hawawezi kwa simu, wakutumie kwa barua pepe ya kampuni.

Barua pepe hiyo tunaipendekeza hata kama wamejibu kila kitu vizuri. Mwisho wa simu, uliza unaongea na nani na idara gani, andika siku na saa, halafu sema: "Naomba unitumie hayo uliyonisomea kwa barua pepe." Angalia kinachofuata alama ya @. Kiwe jina la tovuti yao, herufi kwa herufi, si anwani ya bure ambayo mtu yeyote hujifungulia.

Simu ina mpaka wake pia. Inakuambia vile watu walio kwenye nambari hiyo wanasema. Haikuambii kama kampuni ina madeni, wala kama itatimiza ahadi. Ikiwa ni pesa ambayo ukiipoteza utafunga biashara, lipia utafutaji rasmi kwa Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen. Hati ya CR12 itakuonyesha wakurugenzi, wenye hisa na ofisi iliyosajiliwa. Kwa kutafuta hiyo unahitaji jina sahihi na nambari ya usajili, na hizo tayari umeziandika ulipopiga simu.

Hifadhi ile nambari ya mapokezi kwa simu yako kwa jina la kampuni. Wiki tatu baadaye, ukiwa umebakisha Sh74,000 ya mwisho, unaweza kupokea ujumbe kwamba "tumebadilisha nambari ya malipo, tafadhali tumia hii mpya". Usiujibu, na usipige nambari iliyo ndani yake. Piga ile uliyoihifadhi, omba idara ya hesabu, na uulize tena swali la tatu.